Kinyozi Bila Shaka na Jibu la Asubuhi

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini mjini kote hapakuwa na aliyelikumbuka. Wateja walimwita Bila Shaka, kwa sababu maneno hayo mawili yalitoka kinywani mwake mara nyingi kuliko pumzi. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, bila shaka. Ukimuuliza kama nyangumi hulala, bila shaka, tena hulala kwa zamu, jicho moja leo, jicho moja kesho. Ukitikisa kichwa kwa mshangao anakushika paji la uso na kukuonya: "Tulia, nisikukate sikio. Wewe shule ulikwenda kula uji?"

Siku moja mgeni aliyepotea alisimama mlangoni akaulizia ofisi ya ardhi. Bila Shaka hakuwa na habari ilipo. Ila mashine ya kunyolea ikiwa mkononi na wateja watatu kwenye benchi wakimtazama, mtu mzima hawezi kusema hajui. Akamwelekeza: nyoosha, kata kushoto, ukifika ukutani umefika. Ukuta ule ulikuwa wa makaburi. Mgeni aliporudi na vumbi magotini, kinyozi alimtazama bila aibu hata ya dawa. "Sasa unalalamika nini? Kule watu wamegawiwa viwanja na hakuna hata mmoja mwenye kesi."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Hilo ndilo lililomharibu. Watu walikuja kunyoa, lakini walikaa kwa ajili ya majibu. Jibu likiwa kweli, walishukuru. Likiwa uongo, walipata cha kusimulia nyumbani. Hakuna aliyewahi kurudi kudai nywele zake.

Mtu mmoja tu hakucheka, na huyo alikuwa mke wake. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na aliishi na mume asiyepima kabisa. "Mume wangu," alikuwa akimwambia, sindano imebanwa kwenye midomo, "siku moja utaulizwa kitu cha maana, na wewe utajibu kama unavyojibu kuhusu nyangumi."

"Bila shaka," alikuwa akijibu.

Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa vyumba viwili, cherehani, redio yenye kikohozi, na mazoea. Kila asubuhi mume alitangulia kuamka, akanawa, akavaa gizani ili asimsumbue mwenzake, akafika mlangoni na kusema, "Nimetoka." Naye kutoka kitandani, bila kufumbua macho, akajibu, "Haya." Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao ya asubuhi kwa miaka yote ya ndoa. Ukiwa na haraka hayo yanatosha, na mkiwa mmeoana muda mrefu yanazidi hata.

Asubuhi tunayoisimulia, alitoka kama kawaida. Alifungua duka, akapiga vioo kitambaa, akaanza na kichwa cha mwalimu mstaafu aliyetaka kujua kama mwezi una maji. Walikuwa bado hawajafika kwenye kina cha maji hayo pale jirani yao, mama wa mlango wa pili, alipoingia mbio, kanga begani, pumzi hana.

"Baba, twende! Mkeo kaanguka. Nimegonga, kimya. Nimesukuma mlango, namkuta chini pembeni ya kitanda, na gauni lake la kulalia. Mdomo umekwenda upande. Ananitazama lakini hasemi!"

Mwalimu mstaafu alibaki na kichwa nusu. Mpaka leo hajui kama mwezi una maji.

* * *

Chumba cha dharura kilikuwa na rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, kama kwamba ugonjwa hupanda hadi kiunoni tu. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa. Muuguzi akamtoboa kidole kupima sukari, mwingine akamfunga kipimo cha presha. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwambia anyanyue mikono yote miwili. Wa kushoto ukapanda. Wa kulia haukupata habari.

"Kiharusi," daktari alisema. "Sukari yake iko sawa, kwa hiyo si sukari. Nani mwenyewe?"

"Mimi, mumewe."

"Vizuri. Nitakuuliza mengi haraka haraka, nawe unijibu hivyo hivyo. Kila jibu lina kazi yake. Umri?"

Akajibu. Dawa anazotumia? Kidonge cha presha kimoja, cha asubuhi, basi. Dawa ya kufanya damu iwe nyepesi? Hapana. Amewahi kufanyiwa upasuaji karibuni? Hapana. Ameumia kichwa miezi ya karibuni? Hapana. Kutapika damu, choo cheusi? Hapana. Kuna dawa inayomdhuru? Penisilini. Uzito? Akautaja. Alikula lini? Jana, chakula cha jioni. Majibu yalimtoka moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa kweli, maana mtu anaweza kuwa bingwa wa uongo juu ya nyangumi na bado akamjua mkewe.

"La mwisho na ndilo kubwa," daktari alisema. "Mara ya mwisho kuonekana akiwa mzima, anazungumza sawasawa, ilikuwa saa ngapi?"

"Leo asubuhi nikitoka. Saa kumi na mbili na nusu."

"Alizungumza?"

"Nilimwambia nimetoka, akanijibu haya."

"Una hakika?"

"Bila shaka."

Daktari alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Uso wake ukafunguka kidogo. "Basi tuna nafasi. Mpelekeni picha ya kichwa sasa hivi. Picha ikionyesha hakuna damu iliyovuja, tutampa dawa ya kuyeyusha donge lililoziba mshipa. Ikiingia mapema, mtu anaweza kurudi. Mkono, maneno, vyote. Si kila mtu hurudi, lakini wapo."

"Na ikichelewa?" aliuliza jirani, aliyekuja nao.

"Yakipita masaa manne na nusu tangu kuanza, hatuitoi. Sehemu ya ubongo inakuwa imeshakufa, na dawa ile ile inaweza kuvujisha damu humo ndani. Hapo tunakuwa tumemuua kwa mkono wetu."

Kitanda kikaondoka kikilia gurudumu moja. Bila Shaka akabaki amesimama, mikono imejaa nywele za mwalimu.

Shemeji yake, kaka wa mgonjwa, alifika wakati huo. Alikuwa karani wa mahakama, mtu aliyezoea kusikia watu wengine wakihukumiwa, na alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mawazo. Jirani akamweleza yote: picha, dawa, nafasi ipo.

"Alhamdulillahi," akasema shemeji, akampiga kinyozi begani. "Angalau leo mdomo wako umefaa kitu."

Ukweli ni kwamba pale pale, chini ya mkono wa shemeji, mdomo ule ulikuwa umeanza kumkauka. Kwa sababu mtu akiachwa asimame bila mashine mkononi na bila benchi la kumchekea, anaweza kufikiri. Naye alijaribu kuisikia ile "haya". Akaisikia vizuri sana. Aliisikia ya usingizi, ya kukwaruza, iliyofunikwa na shuka. Kisha akajaribu kuuona upande wake wa pili: yeye mwenyewe alisimama wapi akisema "Nimetoka"? Mlango ulilia? Palikuwa na giza au mwanga? Na kila alipoipeleka ile sauti kwenye asubuhi ya leo, ilikataa kukaa. Ilikuwa ya jana. Ilikuwa ya juzi. Ilikuwa ya miaka yote, imesuguliwa mpaka ikalainika, haina tarehe.

Huenda alimjibu. Huenda alitamka "Nimetoka" na kufunga mlango bila hata kungoja, kama mtu anayeacha taa ikiwaka kwa kuwa kila siku kuna wa kuizima.

"Shemeji," akasema polepole. "Sikumbuki kama alinijibu."

"Nani?"

"Dada yako. Asubuhi."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye faili. "Si umeshasema?"

"Nimesema kwa mazoea."

"Mazoea ni mazoea kwa kuwa hutokea kila siku! Alijibu. Kwa nini leo asijibu?"

"Kwa kuwa leo ndiyo siku aliyoanguka."

Jirani aliingilia, mkono kifuani. "Hata mimi nimemsikia! Ukuta wetu ni mmoja. Nilisikia kabisa, 'haya'."

"Leo, mama?" kinyozi akauliza.

"Kila siku nasikia."

"Leo?"

Jirani akavuta kanga. "Mlango niliusikia," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Haya... sasa umenichanganya."

Shemeji aliwavuta wote wawili kando, karibu na ndoo ya takataka. Alizungumza kwa kunong'ona, na kunong'ona kwa karani ni kama kupiga muhuri. "Sikiliza. Miaka yote umewadanganya watu bure, bila faida, kwa raha zako. Watu wamekwenda makaburini kwa ajili yako. Leo uongo unaweza kumrudishia dada yangu mkono, ndiyo unataka kuwa mtakatifu? Leo? Kaa kimya tu. Hatukuombi hata useme. Umeshasema."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu shemeji hakuwa mpumbavu. Kama alijibu, dawa ni uzima. Kama hakujibu, basi alionekana mzima mara ya mwisho jana usiku saa nne walipozima taa, na dawa inaweza kuwa shoka. Kinyozi alijiona ameshika wembe juu ya shingo asiyoiona.

Mlango wa chumba cha picha ukafunguka. Daktari alitoka akiita: "Hakuna damu! Andaeni dawa, pigeni hesabu kwa uzito aliotaja mume."

"Daktari."

Alisema kwa sauti ambayo wateja wake wasingeitambua. Daktari akasimama, mguu mmoja mbele.

"Lile la saa. La kwamba alinijibu. Sijui."

Neno lenyewe lilitoka likiwa na kutu.

"Hujui vipi? Umeniambia una hakika."

"Nilijibu kwa ulimi. Huwa ananijibu kila siku, nami nikakupa ya kila siku. Ya leo sinayo. Ninayoijua ni ya jana saa nne usiku. Tulizungumza, alikuwa anacheka, akazima taa kwa mkono ule ule wa kulia. Hiyo nimeiona."

Muuguzi aliyekuwa na kichupa mkononi alisimama. Shemeji aliruka mbele. "Daktari, usimsikilize! Huyu ana mshtuko. Na kama mnamsikiliza, basi msimsikilize kwa yote. Mahakamani shahidi akiteleza hapa, tunamuuliza na kule alikopita. Mtu asiyejua kama mkewe alimjibu, atajuaje dawa anazokunywa mkewe? Uzito? Penisilini? Huyu mjini ni kichekesho! Muulizeni mtu yeyote!"

"Hapa si mahakamani," daktari alisema bila kumtazama. "Baba, njoo. Tuanze upya. Safari hii kila jibu uniambie umelipata wapi."

Akaanza. Kidonge cha presha?

"Mimi ndiye ninayekwenda kuvichukua kila mwezi. Ni aina moja. Hakuna nyingine ndani ya nyumba."

Penisilini?

"Aling'olewa jino, akapewa, midomo ikavimba na pumzi ikabana. Nilikuwa nimemshika mkono. Tangu siku hiyo hajaigusa."

Kuumia kichwa, upasuaji, kutoka damu?

"Hapana. Tunalala kitanda kimoja, ningejua."

Uzito?

Akasita. "Huo ni wa kliniki, mwezi uliopita. Anaweza kuwa amepungua kidogo. Si sana."

Daktari alichukua kalamu. Alipiga mstari juu ya kitu kimoja tu, cha saa, pembeni akaandika jana saa nne usiku. Uzito akauwekea alama ya "karibu". Mengine hakuyagusa.

"Basi nimeondoa moja," akasema. "Yaliyobaki natembea nayo."

"Na dawa?" shemeji akauliza. Sauti yake ilikuwa imevunjika, na kwa mara ya kwanza alionekana kama kaka wa mtu.

"Hatutoi. Kuna picha ya aina nyingine ambayo ingeweza kutuambia kiharusi ni cha muda gani. Mashine hiyo hatuna hapa, na iliko hatufiki kwa wakati. Tutampa aspirini, tutalinda presha na pumzi, hatapewa kitu mdomoni mpaka tupime kama anameza salama." Akamgeukia kinyozi. Alionekana kutaka kusema jambo la faraja, akaangalia saa, akaona hana muda. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema, akaondoka.

Muuguzi alirudisha kichupa kwenye friji. Kinyozi alikitazama kikipita. Kilikuwa kidogo sana, kama cha manukato ya bei rahisi.

Shemeji alikaa kwenye benchi la mbao akashika kichwa. "Tungekuwa naye kesho anazungumza," akasema.

"Au tungekuwa tunamzika."

"Hujui!"

"Sijui," kinyozi akakubali. Lilikuwa la pili kwa siku moja, na lilitoka rahisi zaidi, jambo ambalo halikumfurahisha hata chembe.

* * *

Mgonjwa hakufa. Hilo ndilo zuri, na tulitaje mapema kwa kuwa mazuri mengine hayapo.

Siku ya tatu alipata homa, kifua kikaanza kukoroma. Mate yalikuwa yamepita njia isiyo yao. Muuguzi wa zamu alikuja na sindano ya dawa ya ukoo wa penisilini, ambayo ndiyo ya kawaida wodini. Akasoma kadi iliyoning'inizwa kitandani, akasimama.

"Nani kaandika hii?"

"Mumewe alisema," daktari akajibu kutoka kitanda cha pili.

Shemeji alikuwepo, na kwa uchungu hakuweza kujizuia. "Huyo huyo aliyesema alijibiwa?"

"Huyo huyo aliyeniambia hakumbuki," daktari alisema. "Kasema hili kaliona kwa macho. Leta dawa nyingine." Wakaleta nyingine, kifua kikatulia baada ya siku chache. Hakuna aliyempigia kinyozi makofi. Shemeji alitoka kwenda kununua maji na hakurudi mpaka jioni.

Nyumbani, ukoo ulikwishatoa hukumu bila kikao. Mashangazi walikuja mmoja mmoja, wakaketi, wakavuta pua. "Mwanaume alikuwa na neno moja la kusema," walisema, wakitazama ukuta, "likamshinda." Dukani nako wateja walipungua, na waliokuja walinyoa kimya. Kijana mmoja, kwa kumchangamsha, alimuuliza kama ni kweli mamba hana ulimi. Bila Shaka alizima mashine akawaza. "Sijawahi kumchungulia," akasema. Benchi likatazamana kama watu walioletewa chai isiyo na sukari.

Mkewe alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia umekufa. Cherehani ilifunikwa shuka, kwa kuwa alipokuwa akiitazama machozi yalimtoka jicho moja tu. Maneno hayakurudi. Lilirudi moja, "ndiyo", nalo alilitumia kwa kila kitu, kama mtu aliyebakiwa na sarafu moja mfukoni. Mtaalamu wa kufundisha kuzungumza aliwaonya: asiulizwe maswali mawili kwa pamoja, na wasitegemee sana kichwa akikitikisa, kwa kuwa ndani mle ndiyo na hapana zimechanganyika.

Kinyozi alimsikia, na kwa siku nyingi alijizuia. Lakini swali lilikaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani anayejua jibu la asubuhi ile, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake, taulo kifuani, akingojea uji mzito wa kijiko kwa kijiko.

Alasiri moja akaweka bakuli chini. Akapiga magoti ili macho yao yalingane.

"Mke wangu. Siku ile. Nilipotoka, nikasema nimetoka. Ulinijibu?"

Mkewe alimtazama. Jicho la kushoto lilikuwa kali kama zamani, jicho la kupima mara mbili. "Ndiyo," akasema, wazi kabisa, akatikisa kichwa chini.

Kinyozi akapiga hesabu upya. Alikuwa mzima. Masaa matatu tu. Kichupa kile kidogo, kikirudi kwenye friji.

Alishika kingo za kiti. Kisha akamuuliza: "Au hukunijibu? Ulikuwa umeshaanguka?"

"Ndiyo," akasema mkewe, kwa uwazi ule ule, akatikisa kichwa chini vile vile. Na alipoona uso wa mumewe, akaongeza haraka haraka, kana kwamba anataka kumsaidia, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," mpaka uji uliobaki mdomoni ukamtiririka kidevuni.

Akachukua taulo akamfuta. Uji ulikuwa umeanza kupoa. Akauinua mkono wa kulia wa mkewe uliokuwa umeteleza kutoka mapajani, akaupanga juu ya mto, vidole vikiangalia juu kama walivyofundishwa hospitalini. Kisha akachota kijiko kingine, akangoja amalize kumeza, akachota kingine.